Buni ya Leo

Tangu siku ya Ijumaa, Taib alipoanza kunadi kwamba kahawa yake ni ya buni iliyokaangwa siku ile ile, wateja wake pale Kibokoni walikuwa wakinywa kikombe kimoja na kuinuka. Jana Abdulkadir alikichungulia kikombe chake, akauliza kama siku hizi wanauziwa maji ya kusuuzia dele la kahawa. Baraza zima likacheka. Taib alicheka nao, na kicheko kilipokwisha alikuwa ameshamjua mwizi.

Ni Bi Mejumaa. Miaka tisa mjane yule alikuwa akimkaangia buni, na riziki yake ilikuwa hiyo tu. Bila shaka nzuri anaificha, anampa taka.

Asubuhi ya Alhamisi Taib akaenda kuketi uani kwa Bi Mejumaa, macho hayatoki kikaangoni. Alipoulizwa mbona mapema, akasema amepita tu. Buni ilikuwa yake, aliijua. Ikaalika, ikanukia hadi kichochoroni. Bi Mejumaa alipoinama kupepeta maganda, Taib akaona nyuma ya kinu mtungi umefunikwa kitambaa. Akaufunua. Buni iliyokaangwa, nusu mtungi.

"Kumbe hapa ndipo inapolala. Basi, Bi Mejumaa, leo ndiyo mwisho wako na kazi yangu."

Bi Mejumaa hakutahayari. Alisema ni buni ya Taib kweli, aliipunguza Jumapili, akaiweka akijua siku hii itafika. Miaka yote alikuwa akiilaza siku tatu nne kabla ya kumpelekea. Ni yeye Taib aliyeamuru wiki iliyopita apewe ya siku ile ile.

Taib hakuamini. Akatwanga mwenyewe, ya leo na ya mtungini, akajaza madele mawili kwa maji sawa. Dele la buni ya leo likafura povu kabla ya kuchemka vizuri, unga ukaelea juu. Akaliepua upesi lisimwagike, kama alivyofanya wiki nzima. La pili likatokota taratibu, unga ukazama.

Akaonja. La kwanza lilikuwa jepesi, lina ukali kidogo kwenye ulimi na nyuma yake hamna kitu. La pili lilimjaa kinywani. Akabadilisha vikombe, akanusa, akaonja tena akimtazama mama yule mikono.

"Mikono yangu haina kitu, mwanangu. Buni ikitoka motoni ina pumzi tele ndani. Maji yakitaka kuingia, pumzi inayasukuma nje, na ladha haitoki. Nawe ukiona povu, unaepua. Iache ipumue kwanza."

Taib akauliza hizo siku tatu atauza nini. Bi Mejumaa akamsogezea mtungi, akasema apunguze vikombe, na barazani aache kunadi ya leo.

"Jumamosi nitaleta gunia jingine," Taib alisema, hakumtazama usoni.

Alete, akajibiwa, ila asije tena kumlinda kama kuku mwenye vifaranga.