Nyuzi Arobaini na Nne

Profesa hasaini namba asiyoielewa, basi, na mwanafunzi wake alikuwa na namba ya ajabu: pembe ya nyuzi arobaini na nne. Tasnifu isiposainiwa leo, mwaka mzima umekwenda na maji.

Maji yenyewe yalikuwa kwenye tangi jeusi katikati ya maabara. Mwanga ukiingia majini hupunguza mwendo, hubaki na robo tatu tu ya kasi yake. Chembe inayoshuka kutoka angani ikiupita mwanga humo, hutoa mwanga wa buluu unaotawanyika kwa umbo la koni na kuchora duara kwenye vihisi, vifaa vya kunasa mwanga vilivyo chini majini. Isipoupita, giza tupu. Kadiri chembe inavyokimbia ndivyo koni inavyotanuka, lakini mwisho wa pembe yake ni nyuzi arobaini na moja na kitu. Kuzidi hapo ni kudai chembe imeushinda mwanga hata pasipo na maji, na hilo hakuna aliyewahi kuliona.

"Futa zinazozidi," moyo ulimshawishi. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Lakini karibu duara zote zilizidi, tena kwa kiasi kilekile, na hilo ndilo lililomwasha. Kosa la bahati mbaya halina adabu kiasi hicho.

Pembe aliipata kwa vitu viwili: upana wa duara kwenye vihisi, na kina cha maji juu yao. Duara aliipima mwenyewe. Je, kina? Sentimita tisini na mbili, alikuta zimeandikwa kwenye maelezo ya zamani ya tangi, akazimeza nzima nzima.

Akamwendea fundi wa maabara, ambaye wote humwita Koleo.

"Shikamoo. Vihisi viko kina gani?"

"Marahaba. Mia moja."

"Si tisini na mbili?"

"Ilikuwa. Miguu ya fremu inayobeba vihisi ilishika kutu, nikaikata, fremu nikaishusha hadi sakafuni. Nimeandika." Akaelekeza kidevu kwenye daftari lililoning'inia mlangoni. "Miaka kumi na saba liko hapo. Wewe wa kwanza kuuliza."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kila asubuhi alilipita daftari lile akitundika koti. Alirudi mezani, akaweka mia moja, akakokotoa upya: arobaini na moja nukta tatu. Alicheka peke yake.

Profesa alisoma hesabu mara mbili, akashika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Hiki kina umekipata wapi? Andika chanzo."

"Daftari la Koleo."

"Hilo si jina la mtu."

Miaka mitatu fundi alimjazia mwanafunzi tangi na kumzibia nyufa zinazopitisha mwanga; mwanafunzi alijua kasi ya chembe zisizoonekana, lakini jina la fundi hakulijua.

Alirudi kwa fundi, kalamu mkononi.

"Samahani, baba," akasema. "Unaitwa nani?"

Fundi alifuta mikono kwanza, kisha akamtajia, herufi kwa herufi.