Mvivu wa Msaragambo

Asubuhi ya msaragambo kijiji kizima kilikuwa kwenye kibanda cha klabu ya ski, ile ya kuteleza thelujini, kikipaka rangi. Mimi, Jostein, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, nilikuwa sakafuni chumbani nahangaika na soksi. Mgongo mkavu kama ubao. Kalio la kushoto lilikuwa likiuma. Wiki iliyopita lilikuwa la kulia. Sasa jambo hilo unamwambia nani? Nikatuma ujumbe kuwa naumwa tu, nikazima simu.

Kufikia mchana nilishajikokota na kuoga maji moto, mwili ukalainika. Nikatoka kukimbia, maana nikikaa tu nakakamaa upya. Kukata kona, ana kwa ana na wapaka rangi wote, wanakula soseji.

"Makubwa! Mgonjwa wetu huyo!" akapaza sauti Gunvor, mwenyekiti wa klabu. "Umepona kazi ilipoisha?"

Wakaangua kicheko. Baba yangu, Halvard, hakucheka. Alitazama chini, kama kawaida yake. Mgongo wake ulipinda zamani, na watu husema ni kazi ya boti.

"Umenitia aibu," aliniambia jioni.

"Baba, naumwa kweli."

"Mgonjwa gani anayekimbia?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Daktari wa kwanza aliniambia nipumzike; nikapumzika, nikazidi kuwa gogo. Baba hakuamini; akanipeleka mwenyewe kwa daktari mpya, Ragnhild, niambiwe waziwazi kwamba sina ugonjwa.

"Ukipumzika unapata nafuu?" aliuliza Ragnhild.

"Hapo ndipo hali inapozidi. Nikitembea ndiyo inaachia."

"Usiku je?"

"Kuelekea alfajiri maumivu huniamsha."

"Makalio yanauma kwa zamu?"

Mbele ya baba! Uso ukaniwaka. Nikaitikia kwa kichwa.

"Usione haya. Hapo ndipo nyonga inapoungana na uti wa mgongo. Nashuku kinga ya mwili wako inayashambulia maungio hayo. Tutapima damu, tupige picha ya MRI, na nitakupeleka kwa mtaalamu wa maungio. Dawa zipo. Mazoezi usiache hata kidogo. Kwenu kuna mwenye mgongo mkavu?"

Baba alimgeukia daktari kwa mwili mzima, kwa kuwa shingo haigeuki.

"Mimi," alisema. "Tangu ujana. Marehemu baba aliniita mvivu. Nikawa naamka kabla ya watu, nazunguka uani gizani mpaka nilainike, asinione. Na mimi nikamwita mwanangu vilevile."

Masikini baba. Sikujua nitazame wapi.

Picha zilithibitisha alichoshuku daktari. Msaragambo uliofuata, alfajiri, mlango wangu uligongwa.

"Amka, mwanangu. Tutembee."

Tulizunguka kijiji kizima, mpaka kukapambazuka kweupe, watu wakituona madirishani. Tulifika kwenye msaragambo tumechelewa. Gunvor akafungua kinywa.

"Huyu hakudanganya," baba alimkatiza, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Mimi ndiye niliyewadanganya, miaka yote. Mgongo huu si kazi ya boti. Tupeni brashi."