Mguu wa Fundi Hamidu

Hadjara alifika hospitalini asubuhi akiwa na kitambaa cheupe kipya mkononi, kimekunjwa vizuri. Nyuma yake alikuja shemeji yake, Nuhu, mvuvi, viatu vimejaa udongo mwekundu wa makaburini. Walimsalimia muuguzi Asiya aliyekuwa akitoka wodi ya wanaume, kisha Hadjara akasema walilojia.

"Tumekuja kuchukua mguu wa mume wangu, dada. Nuhu ameisha chimba. Tunataka tuuzike mapema."

Asiya alimjua Fundi Hamidu tangu utotoni. Nusu ya sare za shule za Rumonge, mji wa kando ya ziwa, zilipita kwenye cherehani yake, pale barazani karibu na msikiti. Sukari ilimla kidole, kikafuata kisigino, na jana mchana madaktari walimkata mguu wa kulia chini ya goti. Ndio mguu aliokuwa akiutegemea zaidi kukanyagia cherehani. Na Asiya, Mwislamu wa mji huo huo, hakuhitaji kuelezwa kwa nini watu wanataka kuzika kiungo cha ndugu yao.

"Kaeni hapa kidogo," akasema. "Mimi ndiye ninasimamia usafi. Naenda kuuleta."

Alisema hivyo kwa sababu alijua utakuwa wapi. Katika hospitali hiyo kila taka ina chombo chake. Ndoo yenye mfuko mweusi ni ya maganda, karatasi na mabaki ya chakula. Ya njano ni ya pamba, bendeji na glavu zilizoshika damu, na huchomwa kwenye tanuru. Sindano na nyembe zinaingia kwenye boksi gumu, halafu halifunguliwi tena. Nyekundu ni ya kitu kilichotoka mwilini mwa mtu: kondo la nyuma, kiungo kilichokatwa. Mfuko mwekundu hauchomwi. Unapelekwa kwenye shimo la zege lenye mfuniko, nyuma ya wodi ya wazazi, isipokuwa familia ikiomba chao. Hapo unasubiri kwenye chumba cha kufuli mpaka waje.

Chumba cha kufuli kilikuwa kitupu. Asiya akaenda kwenye chumba cha upasuaji. Ndoo nyekundu ilikuwa imeoshwa, imegeuzwa kifudifudi, haina mfuko ndani.

Alimkuta Kalume akipanga vifaa. Kalume alikuwa muuguzi kijana, mpole, ambaye jana alikuwa zamuni tangu asubuhi mpaka giza.

"Kalume, mguu wa Fundi Hamidu uliuweka wapi?"

Kijana akasimama na koleo mkononi. "Mifuko myekundu ilikuwa imekwisha, Mama Asiya. Niliutia kwenye wa njano, nikaufunga. Nilitaka kuandika karatasi ya kuubandika, halafu wakaleta yule mama wa kupasuliwa, mutoto amekwama..." Sauti ikapungua. "Sikuandika."

"Ukamwambia nani?"

Asiya alikuwa tayari ameshatoka mlangoni, na Kalume akamfuata.

Tanuru la hospitali liko mwisho wa uwanja, ndani ya uzio wa matofali, upande ambao upepo wa ziwa unapeleka moshi mbali na wodi. Walisikia harufu kabla ya kufika. Léonard, mwenye kazi ya kubeba na kuchoma, alikuwa amesimama pale na buti zake, aproni ya plastiki na glavu nene mpaka viwikoni. Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa. Bomba lilitoa moshi mwembamba tu, dalili kwamba moto umeshika vizuri.

"Ya chumba cha upasuaji umeichoma?" Asiya akauliza.

"Ndiyo, ndiyo ya kwanza kuingia."

"Kulikuwa na mfuko mzito?"

Léonard akawatazama wote wawili. "Moja ilikuwa nzito. Haikuwa na karatasi. Nikasema labda ni mashuka yamelowa." Akavua kofia. "Ilikuwa nini?"

Alipoambiwa, alikaa chini juu ya tofali. Hakuruhusiwa kufungua mfuko uliofungwa, na hilo alilitii. Lakini mfuko usio na karatasi hakupaswa hata kuupokea. Alipaswa kuuacha palepale na kumwita Asiya. Na Asiya mwenyewe alijua kwamba mifuko myekundu inapungua. Aliiomba stoo, akajibiwa itakuja kutoka Bujumbura, akaendelea na kazi nyingine bila kuwaambia watu wa upasuaji wafanye nini ikikwisha.

Kalume akasema kwa haraka, bila kumtazama mtu: "Hawatafungua. Wakishauona umeviringwa kwenye kitambaa, hawatafungua. Tunaweza kuchukua bendeji, na kitu cha kutia uzito. Watazika, watatulia. Fundi atapata amani. Kwa nini tumuumize mara ya pili?"

Asiya hakumkemea. Aliona jinsi jambo hilo lingekuwa rahisi. Angerudi kwenye korido na kifurushi mikononi, Hadjara angeshukuru kwa kusema murakoze, na kabla ya adhuhuri kila kitu kingekuwa kimefunikwa na udongo. Aliona pia familia imesimama mbele ya kaburi lenye bendeji na jiwe, wakimwombea Hamidu.

"Hapana," akasema. "Kalume, hapana. Twende."

"Na mimi?"

"Na wewe. Lakini nitasema mimi."

Alimpitia kwanza mganga mkuu, akamweleza kwa maneno machache. Mganga akajishika kichwa, akasema familia iambiwe sasa hivi, na kwamba yeye mwenyewe atakuja baada ya kumaliza mgonjwa aliyekuwa mezani kwake. Asiya hakusubiri. Aliwaomba Hadjara na Nuhu waingie kwa Hamidu, kwa sababu mguu ulikuwa wake.

Fundi alikuwa ameegemea mto, uso umepauka. Asiya akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Baba Hamidu, nina habari mbaya, na ni kosa letu. Mguu wako ulipaswa kuwekwa kwenye mfuko mwekundu uwasubiri ndugu zako. Uliwekwa kwenye wa njano, bila alama. Ya njano inachomwa. Umechomwa asubuhi hii."

Hadjara alikandamiza kitambaa kifuani. Nuhu ndiye aliyelipuka.

"Mumemuchoma ndugu yangu? Kama takataka?" Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. "Nani amefanya? Anionyeshe uso!"

"Ni mimi," Kalume akasema kutoka mlangoni.

Nuhu alimwendea, akasimama mbele yake, kifua kikipanda na kushuka. Kalume hakurudi nyuma. Asiya aliinuka, akasema, "Ni yeye, na ni mimi, na ni aliyechoma. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuhakikisha haitokei. Ukitaka kugomba, gomba na mimi."

"Nuhu," Hamidu akaita kwa sauti ya chini. "Nuhu, kaa."

Ilichukua muda Nuhu kukaa. Hamidu alitazama shuka pale ambapo lilishuka ghafla, upande wa kulia. Machozi yalimtoka bila sauti, na Hadjara akayafuta kwa pembe ya khanga yake, hakutumia kile kitambaa.

Baada ya hapo fundi akauliza, "Kila kitu kimekwisha? Hakuna kilichobaki?"

"Sijui," Asiya akajibu. "Nyama haibaki. Mifupa mara nyingine hubaki. Lakini tanuru haliwezi kufunguliwa likiwa moto. Mpaka kesho. Na majivu siwezi kuwapa, Baba, hata mukiniomba. Yamechanganyika na ya taka za watu wengine, na mna vyuma ndani. Hayo yanaenda kwenye shimo lake. Kama kuna mufupa wako ndani, nitautafuta mimi mwenyewe. Kama hakuna, nitakuja kuwaambia hakuna."

Hamidu akafumba macho. "Basi utafute," akasema.

Mganga mkuu alikuja kuomba radhi, akakubali mifupa itolewe ikipatikana. Hadjara alimsikiliza kwa heshima. Nuhu alitoka nje kabla hajamaliza.

Kesho yake asubuhi tanuru lilikuwa limepoa. Asiya alivaa kama Léonard: buti, aproni, glavu nene, barakoa na miwani ya kuzuia vumbi. Kalume alivaa vilevile. Aliomba mwenyewe kuwepo. Léonard akafungua mlango wa chini, akayavuta majivu polepole kwa jembe lenye mpini mrefu na kuyatandaza juu ya bati. Hakuna aliyetia mkono. Walitumia koleo ndefu, wakasogeza vioo vilivyoyeyuka na waya.

Kalume ndiye aliyekiona kwanza. Kisigino, cheupe kama chaki, kimepasuka lakini bado kina umbo lake. Karibu nacho kulikuwa na kipande kirefu cha mfupa wa muundi, na vingine vidogo vya mguu. Siku hiyo hakukuwa na mfuko mwingine uliobeba mfupa. Tanuru hilo halikuwahi kupewa kiungo cha mtu kabla ya hapo. Kalume alikiinua kisigino taratibu mno, akakiweka kwenye boksi jipya ambalo Asiya alilishika.

"Umefanya vizuri," Léonard akamwambia. "Bado kile pale."

Hadjara alipokea boksi kwenye korido. Asiya akamweleza kilichomo, na kwamba si chote. Mama huyo alifungua, akatazama kwa muda mrefu, kisha akavihamishia vipande kwenye kitambaa cheupe na kukifunga yeye mwenyewe.

"Ni kidogo," akasema. "Lakini ni yeye. Murakoze."

Walikwenda makaburini, Asiya na Kalume nyuma kabisa. Shimo la Nuhu lilikuwa kubwa mno kwa kifurushi kile. Hakukuwa na swala, kwa kuwa mwenye mguu alikuwa hai kitandani. Kiliwekwa tu chini, kwa upole. Nuhu alianza kufukia. Katikati akasimama, akamtazama Kalume, akamnyooshea chepe. Kalume alilipokea kwa mikono miwili na kufukia mpaka mwisho.

Juma hilo mambo yalibadilika hospitalini. Kabla ya kukata kiungo, mtu wa upasuaji sasa anaiuliza familia wanataka kifanyweje, na anayekitoa mezani ndiye anayekifunga na kukiandika jina kabla ya kushika kazi nyingine, hata akiita nani. Mfuko mwekundu ukikosekana, wanaazima wodi ya wazazi; ukikosekana kote, kitu kinabaki kwenye ndoo nyekundu yenye mfuniko mpaka Asiya aje. Wa njano hauwi mbadala. Léonard anaukataa mfuko usio na karatasi, na mara ya kwanza alipoukataa wa daktari mmoja kukawa na kelele, lakini haukupita.

Kalume alienda kubadilisha bendeji ya Fundi Hamidu kila siku mpaka aliporuhusiwa kurudi nyumbani. Siku za mwanzo waliongea habari za kidonda tu. Halafu asubuhi moja fundi akakunja uso, akajikuna hewani pale chini ya goti ambapo hapakuwa na kitu.

"Kidole kikubwa kinaniwasha," akasema. "Kinawasha kweli kweli."

"Inatokea, Baba. Itapungua."

"Sasa niende kujikuna wapi? Kule kwenye shimo la Nuhu?"

Kalume hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Akamtazama mzee, akaona mabega yake yanatikisika, na hapo naye akacheka, bendeji ikiwa nusu imefunguliwa mkononi.