Ngumi Iliyokataliwa

Uliiona ile posti, ukageuza macho. Usinidanganye.

Kaswera, muchora nembo wa mutaa wa Mapendo, aliwaeleza humo wenye biashara changa kazi yake: kwanza maswali, kisha michoro mitatu; muteja anachagua mumoja, unarekebishwa mara mbili, ndipo anapewa faili. Nembo peke yake dola sitini. Pamoja na rangi, herufi na kadi, mia moja na hamsini. Kwa mufano akaweka michoro ya Byiringiro, muteja wake anayetengeneza makala ya kupikia kwa takataka: jani, ngumi, moto. Chini aliandika, "Ngumi aliikataa, akachukua jani."

Wenye bunduki wanaoshikilia muji waliona ngumi tu, wakasema ni alama ya uasi. Asubuhi walimukamata Byiringiro mbele ya mama yake, wakamupeleka kwenye jela yao. Kaswera akafuta posti.

"Mama, umefutia nini?" nikamufokea Kaswera. "Yale maneno kwamba ngumi aliikataa ndiyo yangemutoa!"

"Niliogopa, papa. Nikiyaandika upya leo, nani ataamini?"

Lakini wewe uliipiga picha ile posti kwenye simu yako kabla haijafutwa, kwa ajili ya bei, na tarehe iko juu yake. Fungua simu. Muletee mama yake Byiringiro ile picha sasa hivi, awaonyeshe wenye bunduki jua lingali juu.