Mduara wa Nusu Bei

Kwenye kiwanda cha kuchapa mabango walimwita Makengeza, ingawa macho yake hayakuwa na kasoro yoyote. Jina lilitokana na kazi. Kila alipomaliza kutengeneza bango alilibandika ukutani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, kisha akafumba macho nusu na kulitazama. Kilichobaki kuonekana katika ukungu ule ndicho ambacho mpita njia angekiona kutoka ng'ambo ya barabara. Kilichopotea, hata kama kilimchukua saa nzima kukitengeneza, kilikuwa wino wa bure.

"Siku moja hayo macho yataganda hivyohivyo," mjomba wake, mwenye mashine, alikuwa akimtania. "Na mchumba atakayekuja atadhani unamkonyeza."

Jumatatu moja asubuhi aliingia mshonaji wa magauni mwenye duka mtaa wa pili, jasho likimtiririka. Binti yake wa pekee alikuwa amelazwa. Moyo. Upasuaji ulipangwa Jumatatu iliyofuata, na malipo yalitakiwa kabla. Dukani kulikuwa na magauni sitini na mawili yakining'inia. Yasipoisha kufikia Jumamosi jioni, hakuna upasuaji.

"Weka magauni yote, mwanangu," alisema. "Na nyota, na mishale, na maandishi ya njano kila mahali. Watu wajue ni nusu bei."

"Mama, kila kona ikipiga kelele, hakuna neno litakalosikika. Nipe picha moja. Nami nitaweka namba moja."

Mshonaji akatoa simu. Picha nzuri aliyokuwa nayo ni ya binti huyohuyo, kabla hajaugua, amesimama mbele ya ukuta wa mbao akiwa na gauni la rangi ya chungwa alilolishona mwenyewe. Alikuwa akicheka na mtu asiyeonekana, uso ameugeuza pembeni kidogo.

"Usimfunike," mama mtu alisema. "Weka chochote, lakini usimfunike." Akaondoka mbio kurudi hospitali.

Makengeza alihangaika na picha ile mpaka chai ikapoa. Alijua kuwa nyekundu ndiyo huita macho kwenye punguzo. Lakini alipoweka mduara mwekundu kando ya gauni la chungwa, mbele ya ukuta wa kahawia, akarudi mlangoni na kufumba macho nusu, mduara ulimezwa. Rangi zote zilikuwa za moto, na wekundu ule haukuwa mzito wala mwepesi kuliko rangi ya gauni. Akajaribu njano, ikapotelea kwenye mwanga wa shavu. Akaukuza mduara, ukala bega la msichana, naye alikwishakatazwa.

Ndipo akapata wazo lililompendeza mno. Akaiondolea picha rangi yote. Gauni, ukuta, uso, vyote vikawa vya kijivu. Kisha akauweka mduara mwekundu pembeni, kwenye nafasi tupu, na ndani yake 50% nyeupe, nene. Chini, mstari mmoja wa jina la duka. Basi. Alipofumba macho nusu, mduara uliruka kutoka ukutani kama kaa la moto kwenye majivu.

"Hii hata kipofu ataiona," mjomba alisema.

Wakampigia mshonaji simu aje aitazame. "Kama imekamilika, chapeni," alijibu. "Siwezi kumwacha."

Jumatano asubuhi mabango yalikuwa kwenye kuta, nguzo na mlango wa duka. Na ilipofika saa nne wanawake wa mtaa walianza kuingia dukani, wakizungumza kwa sauti za chini. Hakuna aliyeuliza bei. Wa kwanza alimshika mshonaji mikono yote miwili, akasema, "Pole, dada. Pole sana." Wa pili alikaa kwenye kigoda na kulia waziwazi. Wa tatu akauliza mazishi ni lini.

Mtaa mzima ulijua binti anaumwa. Ukiona uso wa kijivu wa msichana unayejua ni mgonjwa, umebandikwa kwenye nguzo kama tangazo la tanzia, husogei kusoma namba. Moyo umeshasoma.

Mshonaji hakuwa ameliona bango kwa makini, maana alifungua duka akiwa ametoka kukesha. Alichodhani ni kwamba hospitali imewapigia wengine simu kabla yake. Alitoka dukani mbio, bila kufunga, bila viatu. Alipofika wodini alimkuta binti yake ameegemea mto, anakunywa maziwa.

Saa nane alikuwa kiwandani, miguu imejaa vumbi. Alikuwa amebandua bango moja njiani, akaliweka mezani mbele ya Makengeza na kulinyoosha kwa kiganja.

"Aliniuliza, 'Mama, mbona unahema hivyo?'" alisema. "Ningemjibu nini? Wewe umenizikia mtoto akiwa hai. Ukambandika na bei."

Makengeza akalivuta bango karibu. Alitazama bango kwa macho yake yote mawili, na kwa mara ya kwanza akamwona msichana. Aliona aibu iliyomchoma mpaka kwenye masikio. Alikuwa amefumba macho nusu, akaona mduara, hakuona mtu.

"Nisamehe, mama. Nitalirudia sasa hivi, na haya yote tutayabandua."

"Siku zenyewe ni tatu zimebaki," mshonaji alisema, akakaa kusubiri.

Makengeza akarudisha rangi. Safari hii alianza na ukuta, kitu ambacho angepaswa kukigusa tangu mwanzo: akaigeuza kahawia yake kuwa buluu ya kupoa, iliyofifia, na gauni la chungwa likapata uhai. Mduara akaupeleka mbali na gauni, upande ule binti alikogeuzia uso, ili atakayemtazama afuate macho yake mpaka kwenye namba. Akautia wekundu wa kukolea, akauzungushia ukingo mweupe, na namba akaifanya njano juu ya wekundu ule. Kati ya msichana na mduara hakuweka kitu chochote.

Mshonaji alisimama nyuma yake, akainama kutazama kioo cha kompyuta.

"Huyo ndiye," alisema.

Mjomba akachapa bila kudai senti ya pili. Kufikia Alhamisi asubuhi uso wa kijivu ulikuwa umebanduliwa kila mahali, na wanunuzi wakaja, wengine kwa aibu ya pole walizotoa mapema. Jumamosi saa tisa gauni la mwisho liliondoka. Malipo yalifika hospitali kabla ya giza kuingia. Makengeza alipopata habari alicheka peke yake jikoni, akajiambia kwamba Mungu si Athumani.

Upasuaji ulifanyika Jumatatu, kama ulivyopangwa.

Jumanne mshonaji aliingia kiwandani taratibu. Hakuwa na jasho. Alivuta kiti akaketi, na Makengeza alipomwona jinsi alivyokaa akaiacha kazi aliyokuwa nayo.

"Ile ya kwanza, ya kijivu, uliifuta?" mshonaji aliuliza.

"Hapana, mama. Ipo."

"Itoe, mwanangu. Uondoe mduara tu."

Makengeza akaifungua. Akaugusa mduara, ukatoweka, pakabaki nafasi tupu ya kijivu, na mshonaji akamtajia maneno ya kuandika pale: jina, umri, saa ya mazishi. Aliandika polepole huku machozi yakidondoka kwenye vitufe. Alipomaliza hakurudi mlangoni kutazama.

Mjomba akauliza kutoka kwenye mashine aweke wino wa rangi gani.

"Mweusi tu," Makengeza alisema.