Saa ya Tanuri

Mke wangu alinionya asubuhi, nikiwa bado nafunga viatu.

"Mwambie meneja yote, ila kifua usikitaje. Ukitaja kifua watakupa mkono wa kwaheri, cheo utakisikia kwa wenzako."

Alisema kweli. Daktari alishaniambia niachane na joto na vumbi la unga kama nataka kuwaona wajukuu. Na pale kiwandani kwetu, kiwanda cha mikate, ni nafasi moja tu ingenitoa kwenye tanuri bila kunitoa kazini: usimamizi wa zamu. Msimamizi wetu alikuwa amestaafu, kiti chake kiko wazi, na siku hiyo nilikuwa nakwenda kukiomba.

Tanuri nilimwachia Profesa. Ni mtu mzima mwenye ndevu zake. Tunamwita hivyo kwa sababu hakosi jibu.

"Nenda baba, kawe bosi," alisema. "Ila ukishapanda usijifanye hutujui."

"Wewe tazama mikate, acha mdomo."

Ofisi ya meneja ina kuta za kioo, inapakana na chumba cha kufungia mikate kwenye mifuko. Meneja ni mwanamke, kwa umri ni mdogo wangu, na hana dharau. Alinisogezea kiti mwenyewe.

"Haya, mzee wangu. Niambie kwa nini iwe wewe."

"Kila msimamizi alipokwenda likizo nimekaimu mimi, na zamu haikulala. Halafu hawa wasimamizi wa zamu nyingine, nani aliwafundisha? Walikuja hapa hawajui hamira inafanya nini."

"Hilo wanalisema wenyewe."

"Basi wanafunzi wamepanda. Mwalimu je?"

Alitabasamu kidogo, akaweka kalamu chini. "Mimi ningekupa leo. Lakini siamui peke yangu. Nikikupendekeza, wakubwa wataniuliza swali moja: ukiondoka, tanuri atalishika nani?"

"Profesa. Yuko pale sasa hivi."

"Ataweza bila wewe?"

"Hata nikifa leo."

Maneno hayajapoa, nikaipata harufu. Ni ile ya ganda la mkate likitaka kutoka kwenye utamu kwenda kwenye uchungu. Meneja hakuwa na habari, alikuwa ameinama anaandika jina la Profesa. Nikashika kingo za kiti. Fungua tanuri, Profesa, nikasema moyoni. Fungua. Nikiinuka nimejiumbua. Nisipoinuka, mikate yote inakuwa makaa.

Harufu ikazidi. Miguu haikungoja niamue.

Nilimkuta Profesa ameligeuzia tanuri mgongo, anawasimulia kina mama wa kufungia mikate jinsi mama mkwe wake alivyomfukuza na ufagio. Nilivuta mlango, nikaanza kutoa trei. Mikate ilikuwa imekolea rangi kupita kiasi, ila ya kuuzika.

"Ah, ndiyo nilitaka kuitoa!"

"Ungetoa majivu."

Kugeuka, meneja yuko nyuma yangu. Hakuwa anatazama mikate. Alikuwa anatazama saa iliyo juu ya mlango wa tanuri, ile inayolia mikate ikiiva. Kioo chake kilikuwa cheupe kwa unga.

"Hii mbona haikulia?"

"Imekufa," nikasema.

"Tangu lini?"

"Zamani."

"Na hukumwambia mtu?"

"Sikuihitaji. Mimi napika kwa pua."

"Yangu mimi ni ya kupumulia tu," Profesa akadakia. Kina mama wakaangua kicheko. Meneja hakucheka. Alinivuta pembeni, karibu na magunia.

"Mzee wangu, ungesema, fundi angeitengeneza. Profesa angekuwa na cha kumwambia mikate imeiva. Msimamizi ndiyo kazi yake hiyo, mambo yaende hata akiwa hayupo. Sasa wakubwa nikawaambie nini?"

Laiti angekuwa mkali, ningepata pa kumshika.

"Na ile nafasi?"

"Nitaleta mtu wa zamu nyingine. Wewe tutakufikiria mwakani, Mungu akipenda."

Mwakani. Hapo kikohozi kikanishika, kile kinachoanzia chini kabisa. Niliegemea magunia mpaka kikapita. Alinitazama usoni.

"Una nini?"

Neno kifua lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikamwona mke wangu mlangoni asubuhi ile.

"Unga umenipalia."

"Kunywa maji," alisema, akarudi ofisini.

Trei za unga uliokwisha kuumuka zilikuwa zinangoja, na unga ukiumuka haungoji huzuni ya mtu. Profesa alisimama kando yangu. Safari hii hakuwa na mzaha mdomoni.

"Kwa hiyo unabaki na sisi, baba?"

"Leta trei."

Akaleta. Nikafungua mlango wa tanuri, nikabana pumzi.