Pasi ya Jogoo Uani

Tangazo lilibandikwa asubuhi kwenye mlango wa kuingilia uani, na kabla chai haijapoa vyumbani wapangaji walikuwa wamelizunguka. Mwenye nyumba, mkandarasi mstaafu aliyeijenga nyumba ile mwenyewe, alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa zilizonyooka kama matofali:

"Kwa wapangaji wote. Nyaya za nyumba hii zimezeeka na zinazidiwa. Kuanzia leo, hita za maji zisitumike vyumbani. Pasi ya nguo za nyumbani ipigwe mchana tu, na ichomekwe ukutani, si kwenye ekstensheni. Pasi ya biashara ni marufuku hadi fundi arekebishe nyaya. Simu zisiachwe kwenye chaji usiku kucha, hasa juu ya godoro. Atakayekiuka atahama."

Walipofika kwenye pasi ya biashara, nyuso zote zilimgeukia mwanamke mmoja. Katika nyumba ile hakukuwa na mwingine aliyeishi kwa pasi. Hata jina lake la kuzaliwa lilikwisha kusahaulika. Alikuwa Mama Pasi, basi.

"Wifi, hapo umetajwa kila kitu isipokuwa saizi ya kiatu," alisema dada wa mumewe, aliyepanga chumba cha jirani. Watu wakaangua kicheko.

Mama Pasi hakucheka. Chumbani mwake zilikuwa zimelundikwa sare nyeupe za wauguzi waliokuwa wakihitimu kesho yake. Mkuu wa chuo chao alimchagua yeye, akaviruka viduka vyote vya dobi vyenye vibao vya kung'aa, kwa sababu mkunjo wake wa pasi hukaa wima tangu asubuhi hadi jioni. Kazi ile ilikuwa heshima yake mbele ya mji mzima. Akiikosa, hatapewa nyingine.

Akajifunga khanga vizuri, akaenda kubisha kwa mwenye nyumba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimekutarajia."

"Mzee, mbona umenifunga mikono? Kesho wauguzi wavae nini, magunia?"

Mzee alitoka nje. Alimwongoza hadi chumbani kwa Mama Pasi mwenyewe, akamwonyesha soketi aliyoitumia tangu alfajiri. "Chomoa. Sasa weka kiganja."

Akaweka, akakiondoa upesi. Plastiki ilikuwa ya moto, na ukingo wake umeanza kugeuka rangi ya kahawia.

"Waya ulio nyuma yake ni mwembamba," Mzee alisema, "na ndio huohuo unaokwenda vyumba vyote vya upande huu. Nilipoujenga upande huu watu walikuwa na taa na redio. Siku hizi kila chumba kina mzigo wake. Wiki ijayo fundi atakuvutia waya mnene wa peke yake kutoka kwenye ubao wa swichi hadi stoo, na swichi yake. Hapo utapiga pasi mpaka uchoke. Lakini leo, hapana."

Mama Pasi aliutazama ukuta ule. Kitanda cha binti yake kilikuwa kimeuegemea.

Mzee alipoondoka, wifi yake, aliyekuwa akienda kazini, alichungulia mlangoni. "Funga dirisha, teremsha pazia, piga pasi zako. Nani atajua? Yako ni moja tu, wifi. Moja itadhuru nini?"

"Soketi itajua."

"Haya, malkia wa sheria! Utazinyoosha kwa pumzi?"

Swali lile, lililosemwa kwa kejeli, ndilo lililompa jibu. Mama Pasi aliinama chini ya kitanda, akavuta sanduku, akatoa pasi ya mkaa aliyoachiwa na mama mkwe wake: chuma kizito chenye tumbo la kuwekea makaa, mpini wa mbao, na jogoo mdogo wa shaba aliyefunga kifuniko. Kazi hii aliianza kwa pasi ile. Alijua pia ubaya wake, kwamba cheche moja au jivu kidogo juu ya nguo nyeupe humaliza sifa ya miaka.

Aliwasha mkaa uani, nyuma ya stoo, penye hewa, akausubiri uive hadi moshi ukaisha na makaa yakawa mekundu tupu. Akaweka meza upande unakotoka upepo, ili jivu liende zake mbali na nguo. Aliijaza pasi, akafunga jogoo, akaenda pembeni kuibembeza ili jivu jepesi litoke, kisha akaifuta chini na kuijaribu juu ya kitambaa kikuukuu. Juu ya kila sare alitandika kitambaa safi chenye unyevu. Mvuke ulipanda. Alipokiondoa, mkunjo ulikuwa umesimama.

Alifanya kazi mchana kutwa. Mkono ulimuuma hadi begani, na kila pasi ilipopoa alirudi kwenye jiko la makaa na kuanza upya. Jua lilipoanza kuteremka, sare zilikuwa zimejaa kwenye kamba, nyeupe, zimejipanga kama gwaride. Zilibaki chache.

Saa ya watu kurudi kutoka makazini na kutaka maji ya kuoga, umeme ukazimika upande wote ule.

"Mama Pasi!" Ilikuwa sauti ya wifi yake, ya kwanza kabisa. "Si umeambiwa? Si tangazo limeandikwa?"

"Tutaunguzwa kwa ajili ya suruali za watu!" alidakia kinyozi wa chumba cha mwisho.

Wakatoka kwa kelele, na Mzee akatoka nyuma yao, ufunguo wa ubao wa swichi mkononi na uso umekunjamana. Wakazunguka stoo, wakasimama.

Mama Pasi alikuwa ameinua pasi yake juu. Haikuwa na waya. Makaa yaliwaka ndani yake, na jogoo wa shaba alimetameta juu ya kifuniko.

"Nitafutieni soketi yake," alisema, "niichomoe."

Mzee aligeuka, akaingia chumba kwa chumba. Kwa kinyozi alikuta hita ya kuchovya imetumbukizwa kwenye ndoo. Kwa mshona viatu, ndoo nyingine. Kwa wifi, hita imechomekwa kwenye ekstensheni, na plagi yake imeanza kulainika.

"Lakini yangu ni moja tu, Mzee," wifi alisema, akiichomoa.

"Na mimi moja," alisema kinyozi.

"Ndivyo zilivyokuwa tatu," Mzee alijibu. "Kila mmoja na moja yake, juu ya waya mmoja. Shukuruni swichi imekata. Isingekata, waya ungekuwa unapikika darini sasa hivi." Hakurudisha umeme hadi hita zote zilipotolewa na kupangwa mbele yake uani.

Mama Pasi alikuwa amesharudi kwenye meza. Makaa hayasubiri mabishano. Baadaye kidogo alihisi mtu pembeni. Wifi yake alikuwa ameushika upindo wa sare iliyofuata, ameutandaza bila kuambiwa.

"Nisamehe, wifi. Mdomo wangu huu."

"Mdomo tutauzungumza kesho. Vuta upande wako, kola isijikunje."

Wakamaliza pamoja kabla giza halijaingia.

Asubuhi wauguzi walipita barabarani kwa safu mbili kuelekea ukumbini, na mikunjo yao ilikuwa mistari iliyochorwa kwa rula. Mama Pasi alisimama mlangoni, chini ya tangazo, mikono kiunoni, akiikagua safu nzima bila kuona kasoro.

Nyuma yake mtu alikohoa. Alikuwa Mzee, amebeba koti lake jeusi, lile ambalo siku zote hulipeleka mjini kwa dobi mwenye duka la vioo.

"Binti yangu, hili nalihitaji jioni. Utaniweka mbele?"

Mama Pasi alilipokea, akalikung'uta, akalitazama kola.

"Kuna foleni, Mzee," alisema. "Na kwangu sheria ni sheria."

Mzee akacheka hadi akashika ukuta, kisha akavuta kigoda, akakaa kusubiri zamu yake.